Daftari Ulilolipiga Picha

Mwanangu Faraji,

Mambo ya chandarua, sabuni ya kufulia na namna ya kufunga begi, baba yako keshayasema tangu asubuhi, na najua anayarudia sasa hivi huko nyumbani sebuleni kana kwamba Mbeya hakuna maduka. Mimi sitayagusa. Nimefunga duka mapema, nimevuta kile kiti cha plastiki mpaka mlangoni ambako kuna mwanga, na nimeweka karatasi juu ya kasha la zipu. Nina jambo moja la kukuambia, na kila nilipotaka kulisema kwa mdomo nikajikuta nakuuliza kama umekula.

Ni habari ya lile daftari. Unalikumbuka, maana ulilipiga picha ukaiweka kwenye status yako. Ila inabidi nianzie nyuma kidogo, siku ya kwanza nilipoingia chuoni na umri huu wangu.

Walituweka wanafunzi wapya wa jioni katika ukumbi mmoja. Wengi wetu tulitoka kazini: wauguzi, makarani, vijana wa bandarini wenye vitambulisho shingoni, na mimi na harufu yangu ya uzi mpya. Mkuu wa Kitivo akaingia, Dokta Neema, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita wateja. Hakupanda jukwaani. Alisimama katikati ya viti akasema, “Karibuni. Nitawaambia sasa mambo ambayo watu huja kuyalilia ofisini kwangu mwisho wa muhula.”

Nitakueleza alichosema kwa sababu kwenu nako watakuambia, na ninakujua, utakuwa unatafuta chaja.

Alianza na kazi ya mtu mwenyewe. Alisema ukitia jina lako juu ya karatasi umeahidi kwamba yaliyomo umeyafikiri wewe, na pale ulipochukua kwa mwingine umeonyesha umechukua kwa nani. Halafu akazungumzia akili mnemba. Kijana mmoja akauliza, “Dokta, kwa hiyo imepigwa marufuku?” Akajibu, “Nani kasema? Mimi mwenyewe naitumia.” Akatufafanulia. Ukiiomba ikueleze jambo ambalo hukulielewa darasani, au ikutungie maswali ya kujipima, au ikuonyeshe ulipokosea lugha katika kitu ulichokwisha kuandika, hapo hujamdanganya mtu, mradi uhakiki majibu yake, kwa kuwa inaweza kukosea huku ikiongea kama shahidi aliyekuwepo. Ukiiambia ikuandikie kazi, au ikubunie takwimu na vitabu vya rejea, hapo umemdanganya mwalimu na nafsi yako. Yakiwepo ya katikati usiyoyajua, muulize mwalimu wa somo kabla ya kutumia, kwa sababu kila somo lina masharti yake. Na kila ukiitumia, mwishoni mwa kazi andika aya fupi: umetumia programu gani, kwa lipi, na wewe ulibadilisha nini. Tunza rasimu zako zote, hata zile chafu. Akatuachia na kipimo cha kujipimia: je, unaweza kusimama mbele ya mwalimu ukaieleza kazi hiyo bila kuishika karatasi?

Mwisho akasema habari ya kuomba msaada. Chini kabisa ya jengo kuna dawati la kusaidia uandishi, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Walimu wana saa zao za kuonana na wanafunzi. “Wiki ya tatu ukinijia nina kiti cha kukukaribisha,” alisema. “Wiki ya kumi na mbili ukinijia nina kamati.” Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, Faraji, huku kichwa kimeinama namjibu fundi wa Temeke kama zipu za inchi nane zimefika.

Unajua Kiingereza changu. Nilimaliza kidato cha nne Masasi nikiwa naweza kusoma, lakini kukiandika ni kama kutembea na kiatu cha mtu mwingine. Wiki ya pili tu nilijua kwamba nimekwama. Alhamisi moja nikashuka mpaka kwenye lile dawati. Aliyekaa pale alikuwa binti wa umri wako, amesuka vizuri, ananitazama kwa adabu zote, “Shikamoo mama, nikusaidie?” Nikasema marahaba, natafuta choo. Akanionyesha, nikaenda kweli chooni, nikakaa humo mpaka nilipoona haya zimeniisha, nikarudi dukani. Bibi yako alikuwa akisema mficha uchi hazai, na mimi binti yake nilijifungia chooni ili nisionekane.

Basi wiki zikaenda. Kazi kubwa ya muhula ikatoka: eleza namna bidhaa zinavyopokelewa, kuhifadhiwa na kutolewa katika sehemu ya kazi unayoifahamu vizuri. Sehemu unayoifahamu vizuri! Mimi niliyeuza vifungo, uzi, lastiki na bitana hapa Kariakoo tangu hujaota meno. Hata kipofu angenionyesha cha kuandika. Lakini niliiona lugha kwanza, swali nikaliona baadaye. Siku moja kabla ya kukusanya, kijana wa bandarini anayekaa nyuma yangu akaniambia, “Mama, mbona unajitesa? Bandika swali kwenye simu, taja duka lako, basi.” Nikabandika. Haikuchukua muda hata wa kumfungia mteja mzigo. Karatasi ikatoka safi, Kiingereza cha balozi, na vitabu vya rejea chini. Nikaichapisha pale kwa jirani wa steshenari na kuikusanya. Sikuisoma yote. Nilijisemea nitaisoma nikipata nafasi.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa somo akaniita baada ya kipindi. Hakuwa mkali. Aliifungua kazi yangu mezani akasema, “Mama Faraji, hapa umeandika dukani kwako kuna foklifti. Inaingilia mlango upi?”

Cheka, nakuruhusu. Duka hili ambalo mimi na wewe hatupishani bila mmoja kutoka nje. Karatasi ilisema nina foklifti ya kunyanyulia mizigo, wafanyakazi kumi na wawili, mashine za kusoma alama za bidhaa, na kwamba kila wiki tunakagua tarehe za mwisho za matumizi. Za vifungo, Faraji! Na kile kitabu cha kwanza cha rejea alikitafuta maktaba na kwenye orodha zote, hakipo, wala mwandishi wake hajawahi kukiandika.

Akaniambia chuo kina programu ya kukagua, nayo imeitilia shaka kazi yangu, lakini programu hiyo huweza kumsingizia mtu, kwa hiyo yeye hamhukumu mwanafunzi kwa programu peke yake. Ndiyo maana ananiuliza mimi kwanza. “Una rasimu?”

Hapo ndipo nilipotenda lile ninalokuandikia barua hii. Nilisema, “Niliandika kwa mkono, mwalimu. Mwanangu Faraji ndiye aliyenichapia kwenye kompyuta. Vijana hawa na simu zao, huenda ndiye aliyeongeza mambo yake.”

Nilisema hivyo. Halikunichukua hata pumzi mbili. Nikakutupa wewe mbele, mtoto uliyekuwa shuleni unasoma kwa ajili ya mtihani wako wa kidato cha sita na hujui lolote, ili nisimame nyuma yako. Mwalimu akaandika jina lako kwenye karatasi yake. Niliiona kalamu inaliandika. Akasema, “Sawa. Leta hilo daftari Jumatatu. Na ikibidi tutamwomba Faraji aje aeleze mwenyewe.”

Siku ya pili nikapokea barua rasmi kutoka kwa Mkuu wa Kitivo. Ilikuwa barua ya haki, lazima niseme. Ilieleza ninatuhumiwa nini na kwa ushahidi upi, kwamba nina siku saba za kujibu kwa maandishi, kwamba naweza kufika mbele ya kamati na mtu wa kunisindikiza, na kwamba hakuna lililoamuliwa mpaka nisikilizwe. Mtu mwenye akili angeenda siku ileile. Mimi nikaenda kununua kaunta buku.

Jumamosi hiyo nilikaa papa hapa mlangoni nikaanza kuinakili ile karatasi ya mashine kwa mkono wangu, ili iwe ndiyo rasimu. Nilitumia kalamu mbili ili ionekane niliandika siku tofauti. Nilikata maneno makusudi na kuyaandika upya. Nikadondosha chai kidogo kwenye ukurasa wa nne. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nilikuwa naitia lami.

Ukaingia wewe. Mlikuwa mmefunga shule, umevaa ile fulana ya kijani. “Shikamoo bi mkubwa.” Nikafunika daftari kwa kiwiko, ukakiondoa kiwiko changu unacheka. “Duh, mama unakamua! Kurasa zote hizi kwa mkono?” Nikasema ni kazi ya chuo. Ukasema, na haya ni maneno yako, sijaongeza hata moja: “Wenzangu darasani wanabandika tu maswali kwenye AI halafu wanalala. Mimi nikifika chuo nitasoma kama wewe.” Ukatoa simu, ukanipiga picha na daftari langu, ukaenda kuniletea soda baridi bila kuagizwa.

Kabla sijaimaliza hiyo soda fundi wa kwanza akanipigia, “Hongera Mama Faraji, nimeona status ya kijana, kweli elimu haina mwisho.” Halafu jirani wa vitenge. Halafu shangazi yako kutoka Masasi, analia kwa furaha. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, wala siku ile ya mahari dada yangu alipodondosha sinia mbele ya wakwe. Nilitaka kuifuta ile picha kwa mkono kutoka simu za watu wote wa Dar es Salaam. Na jina lako, uliloliandika chini ya picha kwa mapenzi, “Mama Faraji”, lilikuwa limeandikwa vilevile ndani ya faili la mwalimu kama jina la mshukiwa.

Jumapili sikula, mkadhani ni presha.

Jumatatu nikapita Mnazi Mmoja kwa miguu na daftari kwapani, na nakuambia kweli, mpaka nafika katikati ya uwanja nilikuwa sijaamua. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga yote mawili kichwani, uongo na ukweli, kila moja na sauti yake. Kilichonisukuma kilikuwa kitu kidogo. Nilijiwazia nikikuita jioni nikuambie, “Mwanangu, kesho utakuja chuoni useme ulinichapia.” Na nikajua ungekuja. Ungeniuliza mara moja tu, halafu ungekuja ukasema uongo kwa sababu nimekuomba mimi mama yako. Hapo nikaogopa kuliko nilivyoiogopa kamati.

Sikwenda kwa mwalimu, nilipanda moja kwa moja kwa Dokta Neema. Nikaliweka daftari mezani kwake nikasema, “Hili ni la uongo.” Akalifungua, akasoma kidogo, akahesabu kurasa.

“Tisa. Umeandika zote kwa mkono?”

“Zote.”

“Kwa hiyo umefanya kazi mara mbili ya ile uliyoikimbia.”

“Ndiyo, Dokta.”

“Na Faraji?”

“Faraji hajui lolote. Hakuchapa hata herufi moja.”

Dokta akanipa karatasi akasema, “Andika hayo, kwa Kiswahili, yote, na uanze na la Faraji, ili tulitoe jina lake kwenye faili leo hii.” Nikaandika huku machozi yananitoka na kamasi juu, mama yako mzima. Akanisogezea leso za karatasi na hakusema pole. Nilipomaliza akauliza jambo ambalo sikulitarajia: “Dawati la uandishi ulikwenda lini?” Nikamsimulia habari ya choo. Akacheka mpaka akavua miwani, halafu akaniambia, “Kosa lako la kwanza ni hilo, mama. Mengine yote yalizaliwa humo chooni.”

Kamati ilikaa wiki hiyo. Nilikwenda peke yangu ingawa niliruhusiwa msindikizaji, maana msindikizaji wangu angekuwa baba yako, na yeye nilimwambia baadaye sana. Walinisikiliza kwa utulivu. Walisema kujisema kwangu kabla ya kikao kumepunguza adhabu lakini hakukuifuta. Nikapata sifuri kwenye ile kazi, nikatakiwa kulirudia somo lote muhula unaofuata, na onyo la maandishi ambalo litakaa kwenye faili mpaka nihitimu. Nikirudia kosa, nafukuzwa. Nilitia sahihi.

Nyumbani nikasema nimeahirisha somo moja kwa sababu ya shughuli za duka. Na wewe ukasema, “Pole mama, basi Jumamosi nitakukalia dukani upate kusoma.” Ukanikalia Jumamosi zote za likizo yako, rafiki zako wakienda kucheza mpira. Hilo nalo ninakuomba msamaha wake, maana nilikuacha unibebee mzigo ambao hukuambiwa una nini ndani.

Sasa usikie na raha yake, kwa sababu imo. Wiki ya kwanza ya muhula mpya, Jumanne saa kumi, nilishuka kwa yule binti aliyesuka vizuri. “Mama, choo kile pale,” akasema. Alinikumbuka! Nikamwambia leo nimekuja kwako. Mwalimu wa somo aliniruhusu niandike muhtasari kwa Kiswahili kwanza, na binti akakaa nami na huo muhtasari, hakunipa jibu hata moja, ananiuliza tu: vifungo unavipokeaje? Unajuaje kwamba havijapungua? Nikamweleza kwamba hatuhesabu, tunapima. Unahesabu mia moja, unaviweka kwenye mzani, halafu gunia zima linakwambia lenyewe lina vingapi. Nikamweleza kwamba rangi ya uzi hatuilinganishi ndani ya duka, tunatoka na kipande cha kitambaa mpaka mlangoni kwa sababu taa inadanganya. Kwamba vifungo vyeupe vya sare lazima viwe stoo kabla shule hazijafunguliwa, na lesi kabla ya msimu wa sendofu za maharusi. Binti ameacha kuandika ananitazama. “Mama, hayo hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma.”

Akili mnemba niliitumia, na sikujificha. Niliiuliza inieleze namna ya kukadiria kiasi cha chini cha bidhaa ambacho kikifikiwa unaagiza tena, halafu nikaenda kuhakiki kwenye kitabu cha somo. Nikaipa aya mbili za Kiingereza changu initajie makosa. Ilirekebisha vizuri, ila pale nilipoandika tunapima vifungo ikabadilisha ikaweka tunahesabu. Nikarudisha tunapima. Yote hayo nikayaandika kwenye aya ya mwisho, na rasimu zangu tatu chafu nikaziambatanisha nyuma. Nilipata B. Mwalimu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Sikujua kwamba vifungo hupimwa.” Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma barua za uchumba za baba yako, naye anajua.

Kwa hiyo sikuandikii nikiwa na huzuni. Niko mlangoni pangu, upepo unapita, winga anayeitia wateja duka la pili ananiuliza leo kulikoni mbona nimekaa kama mwalimu. Wewe umefaulu, kesho unakwenda kusomea uhandisi, na mimi nimebakiza muhula mmoja. Nimeridhika kweli. Kitakachokushinda huko hakitakuwa hesabu. Itakuwa siku moja ambayo umekwama wiki ya tatu na mwenye kukusaidia ni mdogo kwako kwa umri, au ni mwalimu mwenye sura ngumu, au ni mimi nisiyejua uhandisi. Nenda hivyohivyo na haya zako. Hata mimi nipigie, nitakachoweza ni kukusikiliza na kukufukuza uende kwa mwenye kujua.

Na sasa la mwisho, ndilo lililonifanya nifunge duka. Wiki ijayo wanafunzi wapya wa jioni wanaingia, na Dokta Neema atawapa ile hotuba yake. Ameniita ofisini akaniomba, akimaliza yeye, nisimame mimi niwasimulie habari hii yote, choo na foklifti na daftari. Amesema yeye wanamsikiliza wakitafuta chaja, mimi huenda wakanisikiliza. Siwezi kuisimulia bila kufika pale nilipokutaja wewe. Nikiliruka hilo itakuwa nimewadanganya tena, na chuoni kote hawanijui kwa jina jingine ila Mama Faraji.

Bado sijamjibu. Jina lako nililitumia mara ya kwanza bila kukuuliza, kwa hiyo safari hii nakuuliza kabla, na ukisema hapana sitasimama. Kasirika kwanza kama unataka kukasirika, chukua hata siku mbili. Halafu nipigie uniambie kama unaniruhusu.

Ni mimi mama yako,
Zuhura